Bima Mtawanyo: Namna Mzigo Mkubwa Unavyogawanywa, na Namna Unavyoweza Kumrudia Aliyeutua

Tuchukue kiwanda cha nguo cha Dar es Salaam ambacho majengo yake, mitambo yake na bidhaa zilizomo ghalani kwa pamoja vina thamani ya shilingi bilioni 40. Mwenye kiwanda anakata bima ya moto katika kampuni ya hapa nchini, na kampuni hiyo ina mtaji wa bilioni 15. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini uwiano wake si wa kubuni: mara nyingi mali moja inayoletwa mezani kukatiwa bima huwa kubwa kuliko kampuni yenyewe inayoikubali. Kiwanda kikiungua chote kwa usiku mmoja, kampuni italazimika kutafuta bilioni 25 zaidi ya kila kilicho chake. Hata hivyo inasaini mkataba, inapokea ada ya bima, na mamlaka inayoisimamia haioni kosa lolote. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu kabla ya kusaini, kampuni imekwisha kuugawa mzigo. Sehemu kubwa ya hatari ile imeipeleka kwa kampuni nyingine ambazo kazi yake ni kuzikatia bima kampuni za bima, na mpango huo ndio unaoitwa bima mtawanyo. Ni biashara ya zamani. Mkataba wa namna hii unaojulikana kuwa wa mapema kabisa uliandikwa Genoa mwaka 1370, kuhusu shehena iliyokuwa ikisafirishwa kwa meli hadi Sluis, karibu na Bruges. Aliyeikatia bima safari ile alibaki na hatari ya njia ya Bahari ya Kati, na kipande cha kutoka Cadiz kwenda kaskazini, ambacho kilikuwa kibaya zaidi, akawaachia wengine. Hila ya msingi haijabadilika tangu hapo: baki na kile unachoweza kukilipa bila kuyumba, kilichozidi kimpe mwingine pamoja na sehemu ya ada inayokwenda nacho.

Kwa bima za moto za mali kubwa, kampuni nyingi za ukanda wetu hutumia mkataba wa mwaka mzima unaohesabiwa kwa mistari. Kampuni huamua kwanza kiasi cha juu inachotaka kubaki nacho katika mali moja, tuseme bilioni 2. Kiasi hicho ndicho mstari mmoja. Kisha hukubaliana na kampuni za mtawanyo kwamba zitachukua hadi mistari tisa ya ziada, yaani bilioni 18, kwa kila mali itakayoingia katika mwaka huo, bila kuulizana upya kila mara. Kwa hiyo kampuni yetu inaweza kukubali mali ya hadi bilioni 20 asubuhi hiyo hiyo inapoombwa. Kiwanda chetu ni cha bilioni 40, na bilioni 20 zilizobaki haziingii katika mkataba huo. Hizo dalali wa bima mtawanyo huzitafutia nafasi moja moja, akipeleka maelezo ya kiwanda hiki hiki, aina ya paa, umbali wa mabomba ya maji, historia ya moto, kwa kampuni ambazo kila moja ina hiari ya kukubali au kukataa. Mpango unapokamilika, kampuni yetu ina asilimia 5 ya kiwanda, mkataba wa mwaka una asilimia 45, na waliokubali kwa hiari wana asilimia 50.

Asilimia hizo zikishapangwa ndizo zinazotawala kila kitu baadaye, na hapa ndipo wasomaji wengi hukosea, wakidhani kwamba kampuni hulipa bilioni 2 za kwanza ndipo wengine waingie. Sivyo. Ada ya mwaka ikiwa shilingi milioni 100, kampuni inabaki na milioni 5 tu, milioni 45 zinakwenda kwenye mkataba na milioni 50 kwa wale wa hiari. Moto ukitokea ukateketeza sehemu ya ghala kwa hasara ya bilioni 12, kampuni inachangia milioni 600, mkataba unachangia bilioni 5.4, na wa hiari bilioni 6. Hasara iwe ndogo au kubwa, kila mmoja anaifuata kwa sehemu yake. Milioni 5 za ada zinaonekana kuwa ujira mdogo mno kwa kampuni iliyomtafuta mteja, ikakagua kiwanda na kuandika hati, na ndiyo maana wenzake humrudishia kamisheni juu ya ada waliyoipokea. Kamisheni ikiwa asilimia 30 ya zile milioni 45, kampuni inapata milioni 13.5 nyingine. Kwa kampuni kadhaa ndogo, mapato ya uhakika ya mwaka hutoka zaidi katika kamisheni hizi kuliko katika hatari zinazobeba zenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu si la afya, kwa kuwa aliyebaki na asilimia 5 hana sababu kubwa ya kwenda kuangalia kama vizima moto vya kiwandani vinafanya kazi.

Mwenye kiwanda kwa kawaida hahusiki na mgawanyo huu wala hauoni. Mkataba wake ni na kampuni iliyompa hati, na ni kampuni hiyo inayodaiwa bilioni 12 zote, hata kama mmoja wa waliokubali kwa hiari amefilisika au amechelewa. Kwa sababu hiyo mikataba ya mwaka huwa na kifungu kinachoiruhusu kampuni kudai fedha mara moja hasara ikipita kiasi fulani, badala ya kungoja hesabu za robo mwaka, ili isilazimike kukopa benki kumlipa mteja. Jambo ninaloliona kuwa la hatari zaidi, hata hivyo, hutokea mwanzoni kabisa. Mteja ana haraka, anataka hati leo, na kampuni inampa kabla dalali hajamaliza kujaza asilimia 50 za hiari. Moto ukitokea katika wiki hizo mbili, sehemu isiyojazwa ni ya kampuni peke yake. Katika mfano wetu, ikiwa dalali alikuwa amepata asilimia 30 tu kati ya zile 50, asilimia 20 zilizobaki za hasara ya bilioni 12 ni bilioni 2.4, na zinaiangukia kampuni iliyodhani imebaki na milioni 600. Kinachotofautisha bima mtawanyo na matumaini ya kuipata ni karatasi moja: waraka wa dalali wenye saini na asilimia za kila aliyekubali, ambazo zikijumlishwa na za kampuni na za mkataba zinafika mia.

Waliosaini ni nani? Baadhi yao wako jirani. Kenya ilianzisha shirika lake la Kenya Re kwa sheria ya mwaka 1970, na Tanzania ina TAN-RE iliyoanza kazi mwaka 2004. Yapo pia mashirika mawili ya mikataba kati ya nchi, Africa Re lenye makao makuu Lagos, lililoundwa mwaka 1976, na ZEP-RE lenye makao makuu Nairobi, ambayo nchi wanachama zimekubali yapewe sehemu ya lazima ya mikataba ya bima mtawanyo, asilimia 5 kwa la kwanza na 10 kwa la pili. Kilichobaki huvuka bahari kwenda Munich, Zurich, London na kwingineko. Lengo la sehemu hizo za lazima ni kubakiza ada barani, na ni lengo la haki, ila lina mpaka wake: kadiri mzigo unavyobakizwa katika eneo moja, ndivyo janga moja la eneo hilo linavyoweza kuwagusa wabebaji wote kwa pamoja. Maana yote ya kutawanya ni kumpata mbebaji ambaye siku yako mbaya si siku yake mbaya.

Mkataba wa mistari una upofu mmoja, nao ndio unaotuongoza kwenye aina ya pili. Tuseme kampuni yetu imezikatia bima nyumba na maduka 300 katika bonde la mto Msimbazi, kila moja kwa kiasi kilicho chini ya bilioni 2. Kwa kuwa hakuna hata moja iliyozidi mstari, zote 300 zimebaki kwa kampuni. Mvua kubwa ikinyesha, mto ukajaa, na kila nyumba ikapata hasara ya milioni 20, kampuni inadaiwa bilioni 6 kwa usiku mmoja na mkataba wa mistari hauisaidii kwa hata senti moja. Dawa yake ni mkataba wa ziada ya hasara. Huu hauangalii mali moja moja wala hauna asilimia. Unaangalia jumla ya hasara iliyotokana na tukio moja. Kampuni inasema: katika tukio lolote nitalipa bilioni 1 ya kwanza mwenyewe, na wewe utalipa kinachozidi hapo, hadi bilioni 5. Katika mafuriko yale kampuni inalipa bilioni 1, mwenzake bilioni 5, na mambo yanakwisha hapo. Hasara ikiwa bilioni 8, bilioni 2 za juu zinarudi kwa kampuni, kwa kuwa dari imefikiwa. Kwa sababu kila kitu kinategemea neno “tukio moja”, mikataba hii hulipima kwa saa, mara nyingi saa 72 kwa dhoruba na 168 kwa mafuriko, na mabishano mengi ya malipo hugeuka kuwa mabishano kuhusu mvua ya Jumatatu na ile ya wiki iliyofuata.

Tofauti ya kina kati ya mikataba hii miwili ni hii. Katika ule wa asilimia, anayepokea anajua ni kiwanda gani amepokea. Katika ule wa ziada ya hasara, anayepokea ananunua tabaka la hewani: bilioni 5 juu ya bilioni 1, chochote kitakachosababisha. Na yeye naye, ili asiumie, hujikatia mtawanyo wa pili kwa kampuni nyingine, akibaki na tabaka la chini na kupitisha la juu. Anayepokea hapo anaona kidogo zaidi. Mzigo ukipita mikono minne au mitano, anayeushika hajui tena kama ndani mna nyumba, meli au kisima cha mafuta, wala hajui jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kama mzigo huo aliwahi kuubeba kabla.

Hilo ndilo lililotokea London katika miaka ya 1980. Katika soko la bima la Lloyd's na kampuni zilizolizunguka, kundi dogo la wabebaji lilianza kuuziana tabaka za juu wao kwa wao. Kuielewa hesabu yake kunahitaji kampuni tatu tu. Kila moja imeamua kubaki na dola milioni 5 katika tukio lolote, na kinachozidi hapo Ya Kwanza inaipitishia Ya Pili, Ya Pili inaipitishia Ya Tatu, na Ya Tatu, bila kulifikiria sana, inaipitishia Ya Kwanza. Dari ya mtawanyo wa Ya Kwanza ni milioni 100, ya Ya Tatu ni milioni 100, lakini Ya Pili iliona milioni 55 zinatosha.

Inatokea ajali, na Ya Kwanza inadaiwa milioni 40. Inabaki na 5 na kuidai Ya Pili 35. Ya Pili inabaki na 5 na kuidai Ya Tatu 30. Ya Tatu inabaki na 5 na kuidai Ya Kwanza 25. Kwa mtazamo wa kawaida tungetegemea kwamba Ya Kwanza sasa italipa hizo 25, lakini Ya Kwanza imekwisha kulipa 5 zake katika tukio hili, kwa hiyo inazipitisha zote 25 kwa Ya Pili. Ya Pili inazipitisha kwa Ya Tatu, na hapo imefikisha milioni 55 za dari yake. Ya Tatu inazirudisha kwa Ya Kwanza, Ya Kwanza inazipeleka tena kwa Ya Pili, na mzunguko unakatika, kwa sababu Ya Pili haina tena wa kumpitishia. Inazilipa. Matokeo ya mwisho ni kwamba Ya Kwanza imebeba 5, Ya Tatu imebeba 5, na Ya Pili imebeba 30. Jumla ni 40 zile zile, lakini ukijumlisha madai yaliyopita katika vitabu vya kampuni hizo tatu unapata milioni 230.

Yafaa kukaa hapa kidogo, kwa kuwa mfano huu mdogo una mambo mawili ambayo watu wazima waliosoma hesabu waliyapuuza kwa miaka. La kwanza ni kwamba wingi wa mikataba haukuitawanya hasara hata kidogo. Uliizungusha, kisha ukaikusanya mahali pamoja. La pili ni kwamba aliyeumia si aliyeikubali hatari mbaya kuliko wenzake. Ni yule aliyenunua dari fupi. Ya Pili ingeweza kuwa na watumishi waangalifu kuliko wote na vitabu safi kuliko vyote, na kila mwaka ingewaambia wenye mtaji wake kwamba katika tukio moja haiwezi kupoteza zaidi ya milioni 5, ikaamini inachosema.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la kuchimba mafuta na gesi la Piper Alpha, kwenye Bahari ya Kaskazini mashariki mwa Aberdeen, wafanyakazi wa zamu waliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa mchana kwa matengenezo. Taarifa ya matengenezo hayo haikuwa imewafikia. Gesi ilivuja, ikalipuka, na watu 167 walikufa. Hasara iliyokatiwa bima ilikuwa takribani dola bilioni 1.4, kiasi kikubwa sana kwa chombo kimoja wakati ule. Lakini madai yaliyopita katika soko la London kutokana na ajali hiyo moja, yakizunguka kutoka mtawanyo hadi mtawanyo, yalizidi hasara yenyewe zaidi ya mara kumi, na makarani walichukua miaka kuyafuatilia hadi kujua nani hasa ameishiwa dari.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyelikata duara hilo mapema. Sababu moja ni kwamba kila mkono uliopitisha mzigo ulikata kipande cha ada. Dalali alichukua kamisheni kila mara, mara nyingi asilimia 10, na aliyepitisha alibaki na tofauti kidogo. Katika miaka isiyo na ajali, kila mmoja alionekana kupata faida kwa hatari ambayo hakubaki nayo. Sababu nyingine ilikuwa ya bei. Tabaka za juu ziliuzwa rahisi kwa hoja kwamba hasara haiwezi kufika huko, wakati mzunguko wenyewe ndio ulioifanya ifike. Katika mfano wetu hasara ya 40 iliifikia dari ya 55. Na hapakuwa na sharti la kumlazimisha anayepitisha kubaki walau na sehemu ndogo ya kila tabaka. Sharti hilo lingekuwa kama msuguano: kila mzunguko ungepunguza kiasi kinachosafiri, na duara lingekufa lenyewe baada ya hatua chache.

Kulikuwa na dalili ambayo mkaguzi makini angeweza kuiona. Kampuni ikiwa na madai makubwa mno kabla ya mtawanyo na madogo mno baada yake, huku wanaoidai na inaowadai wakiwa majina yale yale, basi mtawanyo wake haujaenda mbali. Orodha mbili, ya wanaotuletea na ya tunaowapelekea, zikiwekwa ubavu kwa ubavu zingetosha kuuliza swali. Hakuna fomu iliyodai ziwekwe hivyo.

Piper Alpha ilifuatwa na Kimbunga Hugo mwaka 1989 na dhoruba kali za Ulaya mwanzoni mwa 1990, na kila tukio liliingia katika mzunguko ule ule. Pamoja na madai ya zamani ya magonjwa ya asbesto, Lloyd's ilipoteza takribani pauni bilioni 8 kwa miaka ya hesabu ya 1988 hadi 1992. Mtaji wa soko hilo haukuwa wa hisa. Ulikuwa wa watu binafsi, zaidi ya 30,000 wakati huo, ambao walidhamini kwa mali zao zote bila kikomo, na waliowekwa katika makundi yaliyoshika dari fupi walipoteza nyumba na akiba za uzeeni. Wenye mtaji wa makundi yaliyosimamiwa na kampuni ya Gooda Walker walikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba waliowasimamia walikuwa wazembe, kwa kutokujua na kutokupima ni kiasi gani cha hatari kilikuwa kimebaki kwao baada ya mitawanyo yote. Mwaka huo huo Lloyd's ilianza kupokea mtaji wa kampuni zenye ukomo wa dhima.

Tayari kabla ya hapo mtawanyo wa pili ulikuwa umekuwa adimu na ghali London, na Kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kilichoipiga Florida, kilikausha uwezo wa soko zaidi. Fedha mpya ziliingia kupitia Bermuda, ambako mwaka 1993 ziliundwa kampuni kama RenaissanceRe na PartnerRe. Kampuni hizi zilitegemea vielelezo vya kompyuta vinavyokadiria njia za vimbunga na uimara wa majengo, na vielelezo hivyo haviwezi kuanza kufanya kazi bila kupewa kitu ambacho kilikuwa kimepotea kabisa katika duara la London: orodha ya majengo yenyewe, kila moja na mahali liliposimama.